Folda ya Downloads imejaa: Storage Sense, PowerShell au skripti ya Python?

MamaSteshenari: Wakuu habari za jioni. Nina steshenari hapa Ng'ong'ona, wateja wengi ni wanachuo. Downloads ya kompyuta ya dukani ina faili zaidi ya elfu nne, nikitafuta kitu mteja anaondoka. Nimeambiwa njia tatu: niwashe Storage Sense ya Windows, nitumie amri za PowerShell, au kijana aniandikie skripti ya Python kwa elfu thelathini. Ipi nichukue?

Zabibu41: Mama, umetaja bei ukaficha ugonjwa. Windows ngapi? Faili za nani? Za zamani zifutwe au zihamishwe?

MamaSteshenari: Samahani. Windows 10. Ni za wateja, wananitumia WhatsApp naprinti. Zisifutwe! Zilizozidi miezi miwili zihamie pembeni, PDF kwake, picha kwake. Mteja anaweza kurudi baada ya muda akauliza, "mama, ile barua yangu unayo?"

FundiMajengo: Storage Sense, chagua siku 60, kalale.

Zabibu41: Hiyo inafuta, haipangi. Na haikuonyeshi orodha kabla. Umesoma alichoandika?

mzee_wa_koni: PowerShell, kwa sababu ya `-WhatIf`. Ukiiweka mwishoni, inakuandikia ingefanya nini bila kugusa faili hata moja:

```
Get-ChildItem "$HOME\Downloads" -File -Filter *.pdf |
  Where-Object CreationTime -lt (Get-Date).AddDays(-60) |
  Move-Item -Destination C:\Hifadhi\PDF -WhatIf
```

FundiMajengo: Haya, basi. Orodha ikija safi, toa `-WhatIf`, gonga Enter. Hapo hakuna hatari tena.

mzee_wa_koni: Ipo, ndugu yangu, na mimi ilinikuta. Nilikuwa napanga skani za ofisi, 212. Nikaendesha jaribio, mistari 212 ikashuka, nikafurahi. Kila mstari uliishia hivi:

```
Destination: C:\Hifadhi\PDF
```

Sikustuka. Folda `Hifadhi` ilikuwepo, ila `PDF` sikuwa nimeiunda. Kompyuta ikaelewa `PDF` ni jina jipya la faili, si folda. Na kwa kujiamini nilikuwa nimeongeza `-Force`, yaani lazimisha. Skani ya kwanza ikabadilishwa jina ikawa `PDF`, ya pili ikaifuta ya kwanza ikakaa hapo, ya tatu vivyo hivyo. Ikabaki faili moja. Kwenye Recycle Bin hakuna kitu, maana njia hiyo haipitii huko. Wiki mbili nilikuwa naskani upya.

Folda ingekuwepo, mstari ungeishia `C:\Hifadhi\PDF\barua.pdf`. Basi usihesabu mistari, soma mkia wake.

Zabibu41: Pole mzee. Niongeze: jaribio halihamishi kitu, kwa hiyo haligundui mgongano. Mkichukua na folda za ndani kwa `-Recurse`, `CV.pdf` mbili za watu tofauti zitaonekana mistari miwili mizuri tu. Siku ya kweli, bila `-Force`, ya pili inagoma kwa maandishi mekundu na kubaki ilipo. Ukiweka `-Force`, CV ya mtu imepotea.

MwalimuKondoa: Kwa nini `CreationTime`? Mimi hutumia Date modified, ndiyo inaonekana kwenye dirisha.

mzee_wa_koni: Mwalimu, kopi faili kutoka kwenye flashi ya mteja leo uangalie. Date modified inabaki ya siku ilipoandikwa, labda 2021; `CreationTime` ndiyo siku ilipofika kwako. Ukifungua zipu ni hivyohivyo. Kwa Date modified, kazi iliyoletwa asubuhi inahamishwa mchana kama ya zamani.

MwalimuKondoa: Kumbe! Ndiyo maana mitihani ya watoto ilipotea mezani, nikamlaumu karani.

KijanaWaKodi: Mimi ndiye niliyetaja elfu thelathini 😅 Skripti yangu ikikuta jina limeshatumika inaongeza namba mbele yake. Hiyo PowerShell tupu haifanyi.

Zabibu41: Ina jaribio kavu?

KijanaWaKodi: Nitaiweka.

FundiMajengo: "Nitaiweka." Haya.

MamaSteshenari: Nimeunda folda kwanza, nimeendesha jaribio. PDF 1,388, mikia yote ina majina. Sijatoa `-WhatIf`, mkono unatetemeka.

mzee_wa_koni: Kopi Downloads nzima kwenye diski ya nje, halafu utoe. Bila `-Force`.

DadaNkuhungu: Mimi nauliza tu, vyeti na vitambulisho vya watu, PDF 1,388, mnavitunza vya nini? Mimi nikishaprinti nafuta mbele ya mteja.

MamaSteshenari: Dada, na akirudi kesho na kesi ya "kurasa ya nne haikutoka"?

DadaNkuhungu: Atume tena. Bando ni lake.

FundiMajengo: Bando lenyewe siku hizi...