Naomba ushauri: tunapanga upya kampuni ya safari, nani aambiwe nini, na nani, siku gani?

Binti_Njiro
Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Nimepewa kazi ya kuandika mpango wa mawasiliano kwa ajili ya mabadiliko ya muundo kazini. Ni kampuni ya safari, ofisi kuu iko Arusha na gereji iko Moshi, jumla watu 120. Yanayobadilika ni matatu. Rizavesheni na opereshini zinaunganishwa kuwa timu moja chini ya meneja mmoja. Gereji yenye mafundi 18 inahamia Arusha. Na madereva-waongozaji 46, ambao leo wanapangiwa safari na dereva mkuu, watapangiwa na hiyo timu mpya. Utaratibu mpya unaanza tarehe 1 Mei.

Mkurugenzi anataka Ijumaa ya mwisho ya Februari asubuhi itumwe barua pepe moja kwa wote, waraka ubandikwe ubaoni, mchana tukutane. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumpelekea. Madereva wengi hawana hata barua pepe ya ofisi. Nianzie wapi?

Kijana_Sakina
Dada, achana na barua pepe. Fungua kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote, tuma ujumbe mmoja, saa moja, kila mtu aone kwa pamoja. Ukianza kumwambia huyu kabla ya yule, ndipo umbea unapozaliwa. Kila mtu ana simu, hata aliye porini atausoma akipata mtandao.

Mama_Mipango
Binti_Njiro, marahaba. Kijana_Sakina ana nusu ya jibu, na hiyo nusu ni nzuri: muda uwe mmoja, au ukaribie kuwa mmoja. Anapokosea ni kwenye ujumbe kuwa mmoja kwa wote. Fundi wa Moshi akisoma kwamba "tunaunganisha rizavesheni na opereshini ili kuwahudumia mawakala haraka", ataruka aya zote akitafuta neno gereji. Akilikuta kwenye mstari wa tisa, ndani ya sentensi inayohusu ufanisi, ameshajua kampuni inamweka wapi. Hapo hata ukimpa maelezo mazuri jioni, hasikii.

Kwa hiyo usianze na njia wala na tarehe. Anza na karatasi yenye majina ya makundi upande wa kushoto, na mbele ya kila kundi jibu swali moja: asubuhi ya kwanza ya utaratibu mpya, mtu huyu atafanya nini tofauti na jana yake? Mhasibu labda atabadilisha jina la anayesaini hati za malipo, basi. Kwake waraka unatosha. Dereva atapokea karatasi ya safari kutoka kwa mtu mwingine, na gari likiharibika Manyara atapiga namba nyingine. Kwake waraka hautoshi, anahitaji kuonyeshwa na kuuliza. Fundi anaambiwa maisha yake yahame kilomita 80. Huyo haambiwi kwa karatasi wala kwa simu. Anaambiwa ana kwa ana, na mwenye mamlaka ya kujibu.

Ukishaijaza karatasi hiyo, njia inajichagua yenyewe. Jambo linapomgusa mtu mfukoni au nyumbani, njia iwe ile inayomruhusu kuuliza papo hapo. Maandishi yafuate baadaye ili abaki na kumbukumbu.

Na anayesema naye ana uzito wake. Sababu ya mabadiliko watu hutaka kuisikia kwa mkurugenzi mwenyewe. Lakini swali la "mimi je?" huenda kwa msimamizi wa karibu, atake asitake. Ndiyo maana wasimamizi waitwe siku moja kabla, alasiri, wapewe ukurasa mmoja wa maswali magumu na majibu yake, pamoja na ruhusa ya kusema "hilo bado, nitakujibu Alhamisi". Msimamizi akisikia habari pamoja na watu wake, atakachofanya ni kulalamika pamoja nao, na huwezi kumlaumu.

Mzee_Kiboriloni
Sisi huku shuleni tunaunganisha shule mbili kuwa moja na swali letu ni hilo hilo. Watu wanataka kujua kiinua mgongo. Hao mafundi 18 unaowaachisha utawalipa siku ngapi kwa mwaka? Anza na hapo.

Mama_Mipango
Mzee wangu, shikamoo. Hajasema anawaachisha, amesema gereji inahama. Ila umegusa mahali ambapo mpango wake unaweza kuvunjika, kwa hiyo acha nikae hapo kidogo.

Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mahali pa kazi ni mojawapo ya mambo yanayoandikwa kwenye maelezo ya ajira. Kubadilisha kunadai kushauriana na mfanyakazi, kisha kumwarifu kwa maandishi. Na kama baadhi hawatahama na nafasi zao Moshi zinakufa, umeingia kifungu cha 38: kutoa taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu linapofikiriwa, kutoa taarifa zote muhimu, na kushauriana kabla juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza, namna ya kuchagua watu, muda na malipo. Mnashauriana na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, na wasiowakilishwa mnashauriana nao wenyewe. Msipokubaliana, shauri linakwenda kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kiinua mgongo ulichouliza si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10.

Sasa angalia hilo linavyobadilisha maneno. Waraka wa Ijumaa ukisema "tumeamua gereji ihamie Arusha tarehe 1 Mei", halafu Jumatatu ukawaita mafundi kushauriana, umeandika kwa mkono wako kwamba mashauriano ni ya kuonyesha tu. Kwa kundi la gereji ujumbe wa kwanza uwe "tunapendekeza, sababu ni hizi, njia nyingine tulizozitazama ni hizi, tunataka kusikia kutoka kwenu hadi tarehe fulani". Kwa rizavesheni, kama kuunganishwa kumeshaamuliwa na hakuna anayepoteza kazi, sema "tumeamua". Kuwaomba watu maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa kunaharibu kuliko kuwaambia ukweli mkavu.

Binti_Njiro
Mama, hapo umenifumbua macho. Nimejaribu kupanga upya, nisahihishieni. Jumatatu saa 9 alasiri, wasimamizi wote. Jumanne saa 2 asubuhi mkurugenzi yuko Moshi na mafundi. Saa 4 anaondoka, na saa 8 mchana anazungumza na wafanyakazi wote Arusha. Waraka unatoka saa 10. Jumatano kila msimamizi na watu wake. Mawakala wa nje wanaandikiwa Alhamisi.

Dereva_Kisongo
Dada, kati ya saa 2 na saa 8 kuna saa sita. Fundi wa Moshi ana shemeji rizavesheni. Kabla ya chai ya saa nne Arusha nzima ina habari, na itafika ikiwa imeongezwa chumvi: gereji imefungwa, magari yanauzwa.

Na upande wetu madereva, mpango wako hautuoni kabisa. Jumanne hiyo nusu yetu tuko na wageni. Februari watu wako Ndutu, nyumbu wanazaa, hakuna anayekaa mjini. Ukitutumia ujumbe saa 8, mtu ana wageni sita nyuma na anaendesha huku akiwaza nani atampangia safari kesho kutwa. Usipotutumia, tunakutana Naabi kwenye lango la kuingia Serengeti na dereva wa kampuni nyingine ndiye anatuambia.

Mama_Mipango
Maneno ya Dereva_Kisongo yaandike kwenye mpango yalivyo. Pengo la saa sita lizibe hivi: saa 2 na nusu, mkurugenzi akiwa katikati ya kikao cha Moshi, meneja wa opereshini afungue kikao kifupi Arusha, dakika 20, aseme yale matatu kwa sentensi chache, kisha aseme mkurugenzi atakuwepo saa 8 kujibu. Meneja huyo asizidishe neno. Waraka usisubiri saa 10, utoke mara kikao hicho kikiisha.

Kwa madereva, fungua ubao wa safari kabla ya kuchagua tarehe, tafuta Jumanne ambayo magari mengi yako mjini. Walio njiani wapigiwe simu na dereva mkuu jioni hiyo hiyo, wageni wakishaenda chakula cha usiku. Asiyepatikana apigiwe akifika Karatu. Ujumbe uwe mfupi: safari uliyonayo haibadiliki, wa kukupangia atabadilika mwezi wa tano, ukirudi tutakaa kabla hujakabidhi gari. Dereva mkuu ndiye apige, ingawa yeye ndiye anayepoteza hiyo kazi ya kupanga. Kwa hiyo yeye aketi na mkurugenzi peke yake kabla ya kikao cha Jumatatu. Akijua nafasi yake mpya atawabeba 46 wote. Asipojua, simu hizo ni bora zisipigwe.

Ijumaa usiikubali, watu watakaa na maswali siku mbili bila wa kumuuliza. Na tarehe 1 Mei ni Mei Mosi, ofisi imefungwa. Sogeza hadi siku ya kazi inayofuata, na namba ya zamani ya opereshini iachwe ikielekezwa kwenye mpya kwa mwezi mmoja angalau.

Kijana_Sakina
Nakubali kuhusu wa porini, sikuwafikiria. Lakini mtajuaje kama wameelewa? Mimi WhatsApp naona alama za bluu.

Mama_Mipango
Alama za bluu zinaonyesha ujumbe umefunguliwa tu. Usiulize pia "mmeelewa?", kwa sababu kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Baada ya siku mbili msimamizi awaulize watu kumi, mmoja mmoja: utaripoti kwa nani? Gari likikwama Manyara usiku utampigia nani? Wanne wakikosea jibu moja, tatizo liko kwenye ujumbe, urudiwe kwa njia nyingine. Na maswali yote yaandikwe, majibu yatoke kila Alhamisi hadi Mei, hata wiki ambayo jibu ni "bado, tutasema tarehe fulani". Kati ya tangazo na siku ya kuanza kuna miezi miwili, na hapo ndipo mipango mingi hunyamaza.

Dereva_Kisongo
Na mawakala?

Mama_Mipango
Wao wanahitaji jina la wa kumwandikia, anwani ya barua pepe na tarehe. Chati ya ndani haiwahusu. Alhamisi ni sawa, mradi wafanyakazi wamekwisha kusikia. Wauza vipuri wa Moshi waachwe hadi mashauriano ya gereji yaishe.

Mzee_Kiboriloni
Mimi nisingesubiri Jumanne. Mafundi ningewaambia wiki nzima kabla ya wengine, ni watu wazima, wana watoto shuleni Moshi.

Mama_Mipango
Mzee, ni haki kwao, lakini wiki nzima siri haikai, na rizavesheni watasikia uvumi kabla ya habari. Mimi ningewapa siku hiyo hiyo asubuhi. Sisemi umekosea.

Binti_Njiro
Nabaki na hilo moja la kumuuliza mkurugenzi. Dereva mkuu nitaomba aitwe Jumatatu asubuhi, peke yake. Ubao wa safari naufungua sasa hivi.