Tupeane uzoefu: wasifu wako ulipogoma kuingia kwenye kisanduku, ulikata nini na ulibakiza nini?

Mtembeza wageni, Bagamoyo
Ndugu zangu, naomba kila mmoja aeleze alivyoukata wasifu wake, nami naanza na wangu. Instagram inaruhusu herufi 150, na kila nafasi, nukta na mstari mpya huhesabiwa. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Karibu kwenye ukurasa wangu rasmi. Mimi ni mwongoza watalii mzoefu, mwenye leseni, natembeza wageni Mji Mkongwe wa Bagamoyo, magofu ya Kaole na ufukweni. Nazungumza Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani."

Hizo ni herufi 201. Karibu hiyo peke yake, pamoja na nafasi inayoifuata, inakula 35, na haimwambii mgeni jambo lolote ambalo halijui, kwa kuwa amekwisha kuingia. Nikaiondoa. Kisha nikatazama "Mimi ni mwongoza watalii mzoefu", nikaona kwamba kitenzi "natembeza" kilichokuja mbele kinaifanya kazi hiyo hiyo, na uzoefu ni sifa ambayo kila mtu hujipa. Nilipoitoa, nikabaki na 133, ambazo zinaingia bila taabu. Kazi ikawa TikTok, ambako mwisho ni 80. Huko nimefika hapa:

"Natembeza wageni Bagamoyo: Mji Mkongwe, Kaole. Kiingereza, Kijerumani. Leseni."

Hizi ni 78. Kiswahili nimekiacha kwa sababu anayesoma sentensi hiyo anaona mwenyewe kwamba nakijua. Ufukwe nimeuacha kwa shingo upande.

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga
Kaka, mimi sikuwa na haja ya kukata maneno, nilitumia vijipicha. Cherehani, gauni, simu, bendera, basi. Kijipicha kimoja ni sawa na herufi moja, kwa hiyo unaokoa nafasi tele.

Mhariri, Tanga mjini
Dada yangu, hapo uko sahihi nusu. Katika X, ambako wasifu una herufi 160, kila kijipicha huhesabiwa kuwa mbili. Hata hivyo bado ni pungufu kuliko neno, kwa hiyo hesabu si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba mtu anayetafuta fundi huandika "fundi cherehani Tanga", haandiki picha ya cherehani, na picha ya gauni haimwambii kama unashona au unauza yaliyoshonwa. Kijipicha nakiruhusu mahali pa nukta au mkato, si mahali pa jina la kazi.

Kwa ndugu wa Bagamoyo nina jambo moja. Instagram ina sehemu ya jina, tofauti na ile anwani inayoanza na @, na sehemu hiyo husomwa wakati watu wanapotafuta. Ukiandika jina lako kisha "Mtembeza Wageni Bagamoyo", kazi na mji vimekwisha kuhama kutoka kwenye wasifu, na nafasi inabaki kwa mambo mengine. Ila uamue vizuri kabla ya kuhifadhi, maana jina hubadilishwa mara 2 tu ndani ya siku 14. Namba ya simu nayo isikae kwenye wasifu. Akaunti ya biashara ina sehemu yake ya mawasiliano, na mteja hubonyeza badala ya kunakili.

Mwalimu mstaafu, Pangani
Nimeelewa kwamba mnazungumzia wasifu wa kuombea kazi, na wangu una kurasa nne. Nikiondoa semina, mwajiri atajuaje kwamba nilihudhuria?

Mhariri, Tanga mjini
Shikamoo, Mwalimu. Huo ni mwingine kabisa. Hapa tunasema maneno machache yanayokaa chini ya picha yako mtandaoni. Katika WhatsApp, kwa mfano, sehemu ya "Kuhusu" inaishia herufi 139, na semina haziwezi kuingia hata tukizibana vipi.

Mwalimu mstaafu, Pangani
Marahaba. Basi mimi nitaandika "Mwalimu mstaafu, Pangani. Nafundisha hisabati jioni." Semina zitabaki kwenye faili.

Msusi, Chumbageni
Mwalimu ametushinda wote. Mimi ningemuuliza kaka wa Bagamoyo kwa nini amebakiza "Leseni". Yeyote anaweza kuliandika neno hilo, na mgeni hana njia ya kulihakiki pale. Ningelitoa nikaandika siku za kazi.

Mtembeza wageni, Bagamoyo
Siku za kazi hubadilika kwa msimu, dada, na wasifu ukishapitwa na wakati unanigombanisha na wateja. Leseni naibakiza kwa sababu mgeni akiliona neno hilo huomba kuonyeshwa kadi tunapokutana, na asiye nayo hapendi kuombwa.

Msusi, Chumbageni
Asiye nayo ataliandika vilevile, akitumaini kwamba hataombwa. Hapo bado sijakubali. Ufukwe lakini urudishe, kwa maana wanaotoka Dar es Salaam siku ya Jumapili hawafuati magofu.