Godauni: vya mlangoni vipangwe kwa katoni au kwa safari?

Kibopa_Stoo
Wakuu, godauni letu liko Vingunguti, tunasambaza sukari, sabuni na biskuti kwa maduka ya mtaani. Mlango wa kupakilia ni mmoja. Sukari iko mita 10 kutoka mlangoni, sabuni ya unga iko nyuma kabisa, mita 45. Ikifika saa tisa vijana hoi, magari bado yanasubiri. Bosi anataka kinachotoka kwa wingi kikae mbele. Mimi naona tuangalie kinachofuatwa mara nyingi. Nani yuko sahihi?

Tabata_Jumla
Bosi. Mzigo mwingi mbele, basi. Sukari yetu iko mlangoni miaka yote.

Mama Nasra
Mkiweka vitu vinavyokimbia mlangoni mtaibiwa. Betri zangu ndogo zilikuwa zinaondoka mifukoni mwa vibarua, nikazirudisha ndani na kufuli juu.

Babu_Leja
Kibopa, chukua ankara za wiki nne, uhesabu kila bidhaa imeandikwa mara ngapi. Katoni zisahau kwanza.

Kibopa_Stoo
Nimehesabu, Babu. Kwa wastani wa siku, sabuni inafuatwa mara 60, katoni moja au mbili. Sukari mifuko 240, lakini oda 4 tu!

Babu_Leja
Hapo kwenye sukari umejidanganya. Mifuko 240 haibebwi kwa safari nne. Paleti inachukua mingapi?

Kibopa_Stoo
20. Aisee, kumbe ni safari 12.

Babu_Leja
Sasa zibadilishane nafasi. Sabuni inaokoa mita 70 kila kwenda na kurudi, mara 60 ni mita 4,200. Sukari inaongeza mita 70 mara 12, yaani 840. Mnabaki na faida ya mita 3,360 kwa siku. Ila hiyo ni kama kijana anafuata sabuni peke yake. Akipita na toroli akikusanya bidhaa sita kwa mzunguko mmoja, faida inashuka sana, maana huko nyuma angefika tu kufuata nyingine.

Tabata_Jumla
Sawa, safari nimekubali. Basi vyote vinavyokimbia viwekwe njia moja, mlangoni pale pale.

Babu_Leja
Usithubutu. Toroli mbili zikikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anasimama kumsubiri mwenzake. Gawa njia mbili.

Binti_Ledi
Na sabuni msiisogeze jirani na biskuti. Sisi tulirudishiwa katoni kibao, mteja anasema zinanuka poda ya kufulia.

Kibopa_Stoo
Dada, rafu ya biskuti ndiyo inayopakana na hiyo sehemu ya sukari.

Mama Nasra
Si niliwaambia muache vitu ndani.

Babu_Leja
Biskuti zinafuatwa mara ngapi, Kibopa?

Kibopa_Stoo
Mara 48. Hapo ndipo nimekwama.