Ukwaju wa viazi karai kwenye sufuria ya alumini: naomba ushauri

MamaKarai_Majengo
Asalamu aleikum ndugu zangu. Nauza viazi karai hapa Majengo jioni, mwaka wa tatu sasa. Ukwaju napika mwenyewe: kilo moja ya ukwaju kwa lita sita za maji, chumvi, sukari, pilipili. Nauchemsha kama saa moja kwenye sufuria kubwa ya alumini, naufunika, unalala humo humo mpaka kesho saa kumi nitakapoanza kuuza.

Juzi mama mmoja anayenunulia watoto wake aliniambia ukwaju wangu "unakula sufuria". Nilitaka kubisha, lakini nilipoumwaga ukwaju na kuiosha sufuria nikaitazama vizuri. Sufuria hiyo hiyo nikichemshia maji ya kisima huwa nyeusi ndani. Nikipika ukwaju, kuanzia pale ulipofika kwenda chini ni nyeupe inang'aa kama mpya, na juu ya mstari ule weusi umebaki. Halafu chini kuna vijishimo vidogo, ukipitisha kucha unavisikia.

Nina sufuria mbili za kazi hii. Moja nyembamba ya kiwandani, ukingo umekunjwa. Nyingine nzito, ya kusubu, nilinunua kwa fundi kwa sababu haiunguzi. Hiyo ya pili naitumia siku za Ijumaa na Jumamosi wateja wakiwa wengi, na nyumbani napikia mchuzi wa nyanya. Wanangu wana miaka 4 na 7. Nawauliza kwa dhati: nawadhuru watu?

BiMwana_MjiWaKale
Waaleikumu salaam mwanangu. Sisi sinia za shaba tulikuwa tukizisugua kwa ukwaju na ndimu mpaka ujione uso. Ukwaju unavyoila sinia ndivyo unavyoila sufuria yako, tofauti ni kwamba kilichotoka kwenye sinia tulikimwaga. Mama yangu ukwaju hakuupika ila kwenye chungu. Rudi kwenye chungu.

Hamisi_Likoni
Dada, acha alumini kabisa. Alumini ndiyo inayoleta ule ugonjwa wa wazee kusahau, imethibitishwa zamani. Na ule weusi usiusugue kwa stiliwaya, ule ndio kinga ya sufuria.

Mkemia_Tudor
Kaka Hamisi, la weusi uko sahihi nusu. Alumini hujivika utando mwembamba sana wa kutu yake yenyewe, na utando huo ndio unaoizuia isiyeyuke. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi nyingi, kwa hiyo utando unanenepa na kuwa mweusi. Lakini kinga hiyo inastahimili ukali wa wastani tu, takriban kuanzia pH 4.5 kwenda juu mpaka 8.5. Nyanya iko karibu na mpaka huo. Ukwaju uko chini yake kabisa, karibu na 3. Ndiyo maana dada ameona mstari: chini ya mstari kinga imeliwa, juu imebaki. Weusi haumlindi mtu anayepika ukwaju. Na chumvi inaongeza tatizo, kwa sababu ndiyo inayochimba vile vijishimo.

La ugonjwa wa kusahau halijathibitishwa. Lilianza miaka ya 1960, wanasayansi walipodunga chumvi za alumini kwenye ubongo wa sungura, na tangu hapo limetafitiwa sana bila kuonyeshwa kwamba chakula cha sufuria ndicho chanzo. Tunachokijua kwa hakika ni hiki: alumini tunayokula karibu yote hupita na kutoka, haifiki hata sehemu moja kwa mia inayoingia kwenye damu, na hiyo kidogo hutolewa na figo.

Dada, una mizani ya jikoni? Ile ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Nunua sufuria mpya ya kiwandani, ipime ikiwa kavu kabla hujaipikia. Pika ukwaju tu humo, kwa gesi ili masizi yasiongeze uzito, uioshe kwa kitambaa bila stiliwaya. Baada ya wiki tatu ipime tena. Ukwaju ukila sufuria, sufuria itapungua uzito, na tutajua kwa kiasi gani badala ya kubahatisha.

Ila ile ya kusubu iweke kando leo. Nitaeleza.

Mwana_wa_Kisauni
Samahani nidakie. Baba yangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, figo zimekwisha. Muuguzi alituambia tuangalie vyakula lakini sufuria hakuzitaja. Maneno ya "hutolewa na figo" yamenishtua.

Mkemia_Tudor
Mwana wa Kisauni, una haki ya kushtuka. Miaka ya 1970 wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa maji yenye alumini, na kupewa dawa zenye alumini, walipata maradhi ya ubongo na mifupa. Siku hizi maji ya mashine husafishwa kwa ajili hiyo. Kwa baba, vitu vichachu msipike kwenye alumini, tumieni stili. Na dawa za kiungulia msimpe bila kumuuliza daktari wake, nyingine zina alumini nyingi kuliko sufuria yoyote.

Fundi_Kusubu
Nimesoma kimya ila nimeona kazi yangu inatajwa. Mimi nasubu sufuria. Nyenzo ni vyuma chakavu: fremu za madirisha, bloku za injini, pistoni, makopo, rejeta. Tunayeyusha, tunaondoa takataka zinazoelea, tunamimina kwenye mchanga. Moto unaunguza uchafu wote. Watu wanapikia sufuria hizi harusi nzima na hakuna aliyeanguka.

Mkemia_Tudor
Fundi, nakuheshimu kwa kusema ukweli wa nyenzo, na humo ndimo jibu lilimo. Rangi na mafuta vinaungua. Risasi haiungui ikaisha. Rejeta kuukuu zimeunganishwa kwa lehemu, na lehemu ile ina risasi. Baadhi ya vipuri vya alumini huwekewa risasi kidogo kwa makusudi ili vichongeke kirahisi. Inayeyuka ndani ya alumini yako, haielei ukaichota, na sufuria ikipoa huioni kwa jicho wala huionji.

Mwaka 2017 ilitoka taarifa ya utafiti wa sufuria 42 za alumini zilizokusanywa nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemshia humo asidi ya siki iliyozimuliwa, saa mbili, kisha wakapima. Karibu theluthi moja zilitoa risasi kwa kiwango cha kutia hofu. Maana yake nyingine hazikutoa. Ya dada inaweza kuwa salama, lakini bila maabara hakuna atakayejua, hata wewe uliyeisubu.

Na Mombasa risasi tunaijua. Owino Uhuru watoto waliumia kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Sisemi sufuria ni sawa na kiwanda. Nasema ni sumu ile ile, haina kiwango kilicho salama, na tumbo la mtoto linaifyonza kwa wingi kuliko la mtu mzima.

Fundi_Kusubu
Rejeta naweza kuziacha. Pistoni nitazijuaje iliyowekewa na isiyowekewa? Kwa macho zote ni moja. Hilo naliwaza tangu nimesoma.

Zuhura_wa_Mbaazi
Na mimi mbaazi za nazi napikia alumini, niache?

Mkemia_Tudor
Bi Zuhura, mbaazi za nazi si chachu. Kama sufuria ni ya kiwandani, pika tu. Ila ukiweka magadi ili ziive haraka, usiyazidishe, maana magadi nayo huila alumini kutoka upande wa pili.

MamaKarai_Majengo (wiki tatu baadaye)
Ndugu zangu nimerudi. Nilinunua sufuria mpya ya kiwandani. Siku ya kwanza, kavu: gramu 1,246. Nimepika ukwaju siku 21, lita sita kila siku, na nikaulaza humo kama kawaida yangu ili kipimo kiwe cha kweli. Leo: gramu 1,243. Nimepima mara tano, ni ile ile. Nimeketi nikaitazama mizani. Gramu tatu zimeliwa na watu.

Mkemia_Tudor
Dada, umefanya kazi nzuri. Sasa tuhesabu pamoja. Gramu 3 ni miligramu 3,000. Umepika lita 126. Gawanya, unapata kama miligramu 24 kwa lita. Mteja anamwagiwa vijiko viwili vikubwa, tuseme mililita 30, hiyo ni miligramu 0.7. Kikomo kilichowekwa na wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2011 ni miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mtoto wa kilo 20 kikomo chake ni miligramu 40. Akila viazi vyako siku sita kwa wiki, amepata kama miligramu 4. Mizani yako inaweza kukosea gramu moja juu au chini, na hata hivyo bado yuko mbali na kikomo. Kwa mteja mwenye figo nzima, alumini ya ukwaju wako si sumu.

Lakini unaweza kuipunguza, kwa sababu ukwaju ulikaa kwenye chuma kwa karibu siku nzima, na saa moja tu ndiyo ya kupika. Loweka ukwaju kwenye bakuli la plastiki la chakula, ukamue uwe mzito, upike huo mzito lita mbili kwenye sufuria ndogo ya stili, kisha uzimue kwa maji uliyochemsha pembeni. Maji matupu kwenye alumini hayana neno. Hivyo huhitaji sufuria kubwa ya stili yenye bei kali.

Na tafadhali usichukue jibu hili ukalipeleka kwenye sufuria ya kusubu. Risasi inayodhuru ni ndogo kiasi kwamba mizani yako isingesogea hata ukiipima mwaka mzima.

BiMwana_MjiWaKale
Chungu mwanangu. Chungu cha udongo mtupu, si hivi vilivyopakwa rangi ya kung'aa ndani, hivyo sivijui vimepakwa nini.

MamaKarai_Majengo
Shukrani Bi Mwana, nimekusikia, lakini cha lita sita kikipasuka jioni nina hasara. Nimenunua sufuria ndogo ya stili, nimeanza jana. Ladha ni ile ile, na nadhani hata rangi imekaa vizuri, haina ule ujivujivu.

Ya kusubu nimeitoboa kitako kwa msumari ili mtu asije akaiokota akapikia. Kinachoninyima usingizi ni miaka miwili ya mchuzi wa nyanya kwa watoto.

Mkemia_Tudor
Wapeleke wakapimwe risasi kwenye damu, wote wawili, na useme wazi sababu. WHO inasema ikifika maikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Wewe chanzo umeshakiondoa, ikiwa ndicho. Si kila hospitali ina kipimo hicho, uliza kwanza wanapeleka damu wapi na majibu yanachukua siku ngapi.

MamaKarai_Majengo
Wametolewa damu leo asubuhi. Mdogo alilia, mkubwa akamshika mkono. Wameniambia siku kumi. Nitaandika hapa.

Fundi_Kusubu
Dada, ile sufuria usiitupe na tundu lake. Nitakuja kuichukua, nikate kipande nikipeleke maabara kwa gharama yangu. Nataka kujua nilichokuwa nikiuza.