Naomba ushauri: nguzo za grafu kwenye picha ya ripoti, nizisome vipi?

Habari zenu wakuu. Chama chetu cha akiba na mikopo kimetuma picha ya ukurasa mmoja wa ripoti, yenye nguzo mbili za akiba za wanachama, mwaka 2022 na 2023. Hakuna namba juu ya nguzo, na ya 2023 inaonekana ndefu mara mbili. Wenzangu wameshaanza kusema akiba imeongezeka maradufu.

Nilipovuta picha karibu nikaona mhimili wa wima hauanzii sifuri, unaanzia milioni 400. Nikachukua rula. Upande wa kushoto, kutoka mstari wa 400 hadi wa 500 ni milimita 40, na nguzo ya 2022 imepanda 13 juu ya mstari wa chini. Hiyo ni kama milioni 432. Ya 2023 imepanda 26, yaani milioni 465. Ongezeko halifiki hata asilimia 8!

Sasa kinachonisumbua: picha ilipigwa kwa pembeni. Kule kulia, ilipo nguzo ya 2023, mistari ileile imeachana milimita 36 tu. Nikitumia kipimo hicho napata milioni 472. Na kukosea milimita moja tu ni karibu milioni 3.

Je, nitumie kipimo cha jirani na kila nguzo, au ninyooshe picha kwanza? Mkutano ni Jumamosi, na sitaki kutaja namba isiyosimama.