Salamu ipi iwafae wasomaji ambao hatujui saa zao? Ulinganisho wa chaguo nne

Katibu wa Ukoo
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mimi ni katibu wa chama cha kusaidiana cha ukoo wetu, na kila Jumamosi saa tatu usiku, nikiwa Dar es Salaam, huwatumia wanachama wote barua pepe moja. Wanachama hao wako Muscat, Goma, Kinshasa, London na Minneapolis. Jumamosi iliyopita, katikati ya Julai hii, nilianza kwa "Habari za usiku", na mpwa wangu wa Minneapolis akanijibu kwamba yeye alikuwa ndiyo kwanza anapakua chakula cha mchana. Alinitania tu, lakini limenikaa moyoni.

Ninazilinganisha salamu nne: "Habari za usiku" kwa kufuata saa yangu mwenyewe, "Habari za asubuhi, mchana au jioni, kwa kadiri ya mahali ulipo", "Habari za wakati huu", na "Hamjambo". Ipi ingewafaa wote bila kuonekana baridi?

Mpenda Ratiba
Mimi naona hakuna haja ya kuzipima, maana tatizo ni la hesabu. London iko nyuma yetu kwa saa mbili, Minneapolis kwa saa nane, Kongo kwa saa moja, na Muscat iko mbele kwa saa moja. Andaa orodha ya wapokeaji kwa kila mji, kisha kila orodha uitumie nakala yenye salamu yake. Ukishaipanga mara moja, hutaigusa tena.

Mkalimani Mstaafu
Ndugu Mpenda Ratiba, kwa Julai hesabu yako ya London na Minneapolis ni sahihi, ila kwa Kongo umesahau kwamba nchi ile ina saa mbili: Goma iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja, Kinshasa kwa mbili. Tena haitadumu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba London watarudisha saa nyuma na tofauti itakuwa tatu, ilhali Minneapolis watasubiri hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba ndipo wafikie tisa. Katikati hapo kuna juma zima ambalo mmoja amebadilika na mwenzake bado, na katibu wetu atakuwa ameshazisahau orodha zake.

Hata hivyo, kosa la hesabu ndilo dogo zaidi. Barua ikitoka Dar es Salaam saa tatu usiku mwezi huu wa Julai, Kinshasa na London zote mbili zinasoma saa moja. Kinshasa giza limeshaingia na mtu hatakuona wa ajabu ukimwambia usiku. London jua bado linawaka na litazama baada ya saa mbili hivi. Lugha yetu imegawa siku kwa jua la karibu na ikweta, ambalo halichezi sana, kwa hiyo kwetu saa na jina la wakati huenda pamoja. Kwao haviendi pamoja, na orodha ya saa haitakuambia kama msomaji anaona jua au taa.

Na hata ungepatia yote hayo, nani amekuhakikishia kwamba barua inasomwa inapofika? Jirani yako wa hapo hapo Dar es Salaam huenda akaifungua Jumapili akinywa chai.

Bi Mkubwa wa Muscat
Sisi huku tuna sabalkheri na masalkheri, na zote mbili zimefungwa na saa vilevile, kwa hiyo hazikusaidii. "Assalaam alaykum" haina saa na ndiyo ninayoitumia kwa watu wangu, lakini ukoo wenye Waislamu na Wakristo utahitaji nyingine.

Mimi nina la kwangu. Mwaka jana nilipokea ujumbe wa kikundi ulioanza "Habari za jioni wapendwa", na mstari wa pili ukasema shangazi amefariki. Nilikuwa nimeshajibu "njema" kwa mdomo kabla macho hayajashuka. Kwa taarifa ya msiba, mwanangu, usiulize habari za wakati wowote. Anza na habari yenyewe.

Mpwa wa Mbali
Na mkutano je? Mama yangu aliandika "tukutane saa tatu", mimi nikaingia mtandaoni saa tisa kwa kuisoma tatu ya saa ya mkononi. Naomba muandike saa za Kizungu kwenye mabano.

Mkalimani Mstaafu
Hilo ni la kupanga miadi, nalo linahitaji kutaja mji pamoja na saa. Hapa tunaulizana juu ya salamu, ambayo haimtaki mtu awahi popote.

Turudi kwenye chaguo nne. "Habari za usiku" imeshashindwa. Ile ndefu ya "asubuhi, mchana au jioni" haimkosi mtu, lakini inamkabidhi msomaji karatasi yenye majibu matatu achague lake. Mara ya kwanza inachekesha, mara ya kumi inachosha. "Habari za wakati huu" inafanya kazi kwa ujanja mzuri, kwa kuwa neno "huu" humfuata anayesoma. "Habari za leo" hufanya vivyo hivyo, maana leo ya msomaji ni siku anayofungua barua.

Hata hivyo, kumbukeni barua za karatasi. Barua ya kutoka Kigoma ilikaa njiani siku kadhaa, na aliyeiandika hakuthubutu kuandika "habari za asubuhi". Aliandika "Salamu nyingi", akasema yeye ni mzima, kwamba hofu ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yake, kisha "baada ya salamu" akaingia kwenye dhumuni la barua. Aliuliza hali, si saa. Barua pepe inafika upesi, lakini kwa jambo hili ni barua ile ile.

Mwalimu wa Tanga
Nakubaliana nawe kuhusu barua, ila "Habari za wakati huu" siipendi. Mtu akiniambia hivyo uso kwa uso namwona ameshindwa kutazama dirishani. "Hamjambo" ni Kiswahili kisicho na deni.

Kijana wa Goma
Mwalimu, "Hamjambo" ni ya wengi, nami nasoma peke yangu kwenye simu. Huku kwetu watu husalimiana "Jambo", na najua huko pwani mtasema ni salamu ya watalii. Kuhusu "wakati huu", mimi sioni kasoro. Barua haina dirisha.

Mwalimu wa Tanga
Barua haina dirisha, kweli. Lakini anayeandika kwa ukoo huwasemesha wengi, hata kila mmoja asome chumbani mwake. Sitaiacha "Hamjambo".

Katibu wa Ukoo
Nawashukuru. Jumamosi hii nitaandika: "Ndugu zangu, salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo, na natumai nanyi mko salama. Baada ya salamu, michango ya mwezi huu ni kama ifuatavyo." Taarifa za msiba nitazitoa bila "habari za", kama Bi Mkubwa alivyoelekeza.

Limebaki moja: wazee wawili wa ukoo wanategemea shikamoo, ambayo haina saa, ila nusu ya wapokeaji ni wadogo zangu.

Bi Mkubwa wa Muscat
Andika "wakubwa shikamooni", kisha uendelee. Wadogo watajijua.

Kijana wa Goma
Huku hatuamkiani hivyo, tutadhani mmetusahau.