Naomba ushauri: wasifu wa ajenti wa nyumba unaosema amefunga nyumba 34

Wakuu, habari za leo. Tuna ofisi ndogo ya kuuza nyumba hapa Nyali, Mombasa. Tangazo letu la kazi lilitaka mambo matatu: mauzo 10 yaliyofungwa ndani ya miaka 2, wateja wake mwenyewe, na usajili wa EARB, bodi inayosajili maajenti wa nyumba.

Kuna dada mmoja ameandika "nyumba 34 zimefungwa". Nikafurahi, hadi nilipomwomba anipangie moja moja. 27 ni za kupangisha! Zilizouzwa ni 7, na 3 kati ya hizo aligawana kamisheni na ajenti mwingine. Nihesabu hizo 3 kama nusu nusu, au nimuulize nani alileta mnunuzi?

Wateja anasema 600. Nahofia ni orodha ya mwajiri wake wa zamani, na sheria ya kulinda data ya 2019 sitaki kugombana nayo. Nafikiri afadhali nimuulize wangapi walirudi kwake mara ya pili.

Cheti cha usajili anacho, ila cheti cha kufanyia kazi, kile cha kila mwaka, ni cha mwaka juzi. Mngemwita kwa mahojiano, au ahuishe kwanza?